Mbu hawajaizoea dawa: tofauti kati ya kuzoea na uteuzi asilia

Kila tunapozungumzia malaria katika vipindi vyetu, kuna sentensi moja ambayo haikosekani kwenye ujumbe wa wasikilizaji: mbu wa siku hizi wameizoea dawa ya chandarua. Wafugaji husema hivyohivyo kuhusu kupe na dawa ya josho. Wakulima wa nyanya husema hivyohivyo kuhusu kantangaze.

Wanachokiona ni cha kweli. Dawa ambayo zamani ilikuwa ikiwaangusha mbu karibu wote, leo inawaacha wengine wakiruka. Kasoro ipo kwenye neno “kuzoea”. Neno hilo linatufanya tufikiri kwamba kuna mbu aliyekutana na dawa, akaumwa kidogo, akapona, na safari ya pili akawa mgumu zaidi, kisha akawarithisha watoto wake ugumu huo. Hakuna mbu wa namna hiyo. Kilichotokea ni jambo jingine kabisa, nalo linaitwa uteuzi asilia. Tumeliandika hapa kwa urefu kuliko tunavyoweza kulieleza hewani, kwa sababu anayelielewa hufanya maamuzi tofauti kuhusu chandarua, bomba la kupulizia na josho.

Kuzoea ni kitu gani hasa

Kuzoea kupo, na sisi binadamu tunakujua vizuri. Mtu ambaye hajashika jembe kwa muda mrefu, siku ya kwanza shambani mikono hutoka malengelenge. Akiendelea kulima, baada ya wiki chache kiganja kinaota sugu na jembe halimuumizi tena. Ngozi yake imebadilika ndani ya maisha yake mwenyewe.

Mfano mwingine ni wa mtu anayetoka Tanga, usawa wa bahari, akahamia nyanda za juu kama Makete. Siku za mwanzo hupanda kilima akihema. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo mwili wake unaanza kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu ili kubeba oksijeni ya kutosha. Baada ya wiki kadhaa anatembea kama wenyeji. Akirudi Tanga, chembe hizo hupungua taratibu na hali inakuwa kama zamani.

Sasa angalia mtoto. Mkulima mwenye sugu nene kuliko wote kijijini akizaa, mtoto anazaliwa na viganja laini kama watoto wengine. Mlevi wa miaka 20, ambaye chupa mbili hazimtikisi, hazai mtoto aliyekwisha kuzoea pombe. Mwili wa mzazi umejirekebisha, lakini marekebisho hayo hayakuandikwa kwenye vinasaba, yaani yale maelekezo ambayo mzazi humpa mtoto kupitia yai na mbegu ya kiume. Kwa hiyo yanaishia kwa mzazi.

Kuna watu wakubwa wa sayansi waliowahi kuamini kinyume chake. Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck aliandika mwaka 1809 kwamba twiga alipata shingo ndefu kwa kuinyoosha akitafuta majani, na kwamba kila kizazi kilipokea urefu ule uliotokana na juhudi za wazazi. Mwingereza Charles Darwin alichapisha maelezo ya uteuzi asilia mwaka 1859, naye akaanzia mahali pengine: katika kundi lolote la viumbe tayari kuna tofauti, wengine hivi na wengine vile, na mazingira ndiyo yanayoamua nani ataacha watoto wengi. Sentensi ya “mbu wameizoea dawa” ni ya Lamarck, ingawa anayeisema huenda hajawahi kulisikia jina hilo.

Mbu akigusa chandarua

Dawa nyingi za vyandarua ni za ukoo mmoja uitwao pairethroidi. Mbu akitua kwenye wavu, dawa huingia kupitia miguu yake na kufika kwenye mishipa ya fahamu. Kwenye mishipa hiyo kuna vilango vidogo sana vinavyofunguka na kufunga ili kupitisha chembe za sodiamu, na ndivyo ujumbe unavyosafiri kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine. Pairethroidi hujibana kwenye kilango na kukizuia kisifunge. Ujumbe unaenda bila kukoma, mbu anatetemeka, anaanguka chini, anakufa.

Kilango hicho kimeundwa kwa mnyororo mrefu wa vipande vidogo vilivyofuatana kama shanga kwenye uzi. Maelekezo ya kuupanga uzi huo yamo kwenye vinasaba. Kila mbu anapotengeneza mayai, vinasaba vyake hunakiliwa, na mara chache sana nakala inakosewa. Makosa mengi hayana athari, mengine yanaua. Lakini kuna kosa moja linalobadilisha ushanga mmoja tu, ule ambao wataalamu wameupa namba 1014. Kilango chenye ushanga uliobadilika kinaendelea kufanya kazi yake, ila pairethroidi haikishiki vizuri. Kwa mbu wa anofelesi wa Afrika Mashariki, badiliko hilo liliripotiwa kutoka magharibi mwa Kenya mwaka 2000.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Kosa hilo la kunakili halikutokea kwa sababu dawa ilikuwepo. Halikuwa jibu la mbu kwa chandarua. Linatokea kwa bahati, chandarua kiwepo kisiwepo, kama vile ndama mwenye doa jeupe anavyoweza kuzaliwa bila mtu yeyote kuagiza doa. Kwenye kijiji kisicho na dawa, mbu mwenye kilango cha namna hiyo hana faida yoyote, na huenda akabaki mmoja katika maelfu. Dawa haimtengenezi mbu huyo. Inawaondoa wenzake.

Tuhesabu pamoja

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba rahisi. Kijiji kina mbu jike 1,000. Kati yao 10 wana kilango kilichobadilika, tuwaite sugu. Waliobaki 990 ni wa kawaida. Tuseme vyandarua vinaua mbu wa kawaida 90 katika kila 100, na sugu 20 tu katika kila 100.

Baada ya dawa kupita, wa kawaida wanabaki 99. Sugu wanabaki 8. Jumla ni 107. Wanakijiji wanafurahi, na wana haki, kwa sababu mbu karibu 900 hawapo. Lakini tazama kilichobadilika ndani ya kundi. Mwanzoni sugu walikuwa 1 katika 100. Sasa ni 8 katika 107, yaani kati ya 7 na 8 katika 100.

Mbu jike hutaga mayai mengi, mara nyingi kati ya 50 na 200 kwa mara moja, na kutoka yai hadi mbu kamili ni wiki moja na nusu mpaka mbili hivi kwenye joto. Kwa hiyo idadi inarudi upesi. Kizazi kipya kikifika tena 1,000, na watoto wakifanana na wazazi wao, sugu watakuwa kama 75 na wa kawaida 925. Vyandarua vinafanya kazi tena. Wanabaki sugu 60 na wa kawaida 92. Kizazi kinachofuata sugu ni karibu 395 katika 1,000. Dawa ikipita tena wanabaki sugu 316 na wa kawaida 60, na wakizaliana, kizazi cha nne kina sugu kama 840 katika 1,000.

Rudi sasa umtafute mbu aliyezoea. Hayupo. Katika hesabu yote hii hakuna mbu hata mmoja aliyebadilika. Aliyezaliwa wa kawaida alikufa wa kawaida, na aliyezaliwa sugu alikuwa sugu tangu ndani ya yai. Kilichobadilika ni kundi, kwa sababu waliopata nafasi ya kutaga hawakuwa mchanganyiko uleule wa mwanzo. Kwa kipimo cha kijiji, mbu wamekuwa wagumu. Kwa kipimo cha mbu mmoja mmoja, hakuna aliyekuwa mgumu kuliko alivyozaliwa.

Mambo halisi huenda polepole kuliko hesabu yetu. Si kila mbu hukutana na chandarua, na kila mbu hupokea maelekezo ya kilango kutoka kwa baba na kwa mama, hivyo aliyepata nakala iliyobadilika kutoka upande mmoja tu hana kinga kama aliyepata pande zote mbili. Hata hivyo mwelekeo ni huohuo. Magharibi mwa Kenya, katikati ya miaka ya 1990, kabla vyandarua vyenye dawa havijasambaa, mbu wenye kilango hicho walikuwa wachache. Miaka isiyozidi 15 baadaye, katika aina moja ya anofelesi wa eneo hilo, karibu wote walikuwa nacho.

Tunajuaje kwamba si kuzoea?

Swali hili ni la haki. Msikilizaji mmoja alitubana nalo hewani: ninyi mnasema wamezaliwa hivyo, mimi nasema wamejifunza, nani anaweza kuthibitisha? Uthibitisho upo, tena wa kuonekana kwa macho.

Wataalamu wanapopima usugu wa mbu, huenda kwenye madimbwi, mashimo ya matofali na majaruba ya mpunga kuchota viluwiluwi, au huwakamata majike na kuchukua mayai yao. Huwakuza maabara mpaka wawe mbu kamili. Mbu hao wakiwa na umri wa siku 3 hadi 5 huwekwa kama 25 ndani ya mrija wenye karatasi iliyopakwa kipimo maalumu cha dawa. Wanakaa humo saa 1. Kisha huhamishiwa mrija safi, wanapewa maji ya sukari, na baada ya saa 24 wanahesabiwa waliokufa. Mirija hurudiwa mpaka wafike 100 au zaidi. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, wakifa chini ya 90 katika 100, mbu wa eneo hilo wanahesabiwa kuwa na usugu. Pembeni huwekwa mrija mwingine wenye karatasi isiyo na dawa. Humo mbu wakifa wengi, zaidi ya 20 katika 100, jaribio zima linatupwa, maana kuna kitu kingine kilichowaua, labda joto au kushikwa vibaya.

Fikiria mbu waliotokana na mayai yaliyotagwa maabara. Hawajawahi kuingia nyumbani kwa mtu. Hawajawahi kugusa wavu. Saa ile moja kwenye mrija ndiyo mara yao ya kwanza maishani kukutana na pairethroidi, na wengine wanaruka wakiwa wazima kesho yake. Wangeizoea wapi?

Jambo la pili ni umri. Kama usugu ungekuwa ni mazoea, mbu mzee, aliyezunguka kwenye vyandarua wiki mbili tatu, angekuwa mgumu kuliko kijana. Inavyoonekana katika majaribio ni kinyume: mbu mzee mara nyingi hufa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana kipimo hutumia mbu vijana. Wakichanganywa wazee, dawa ingeonekana kuwa na nguvu kuliko ilivyo.

La tatu ni jaribio tunalolipenda zaidi, lililochapishwa mwaka 1960 na mtafiti aitwaye Bennett. Hakutumia mbu bali vile vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu, na dawa ilikuwa DDT. Alichukua watoto wa kila jozi ya nzi akawagawa makundi mawili, tuseme kwenye chupa mbili. Chupa ya kwanza ilipewa DDT. Ya pili haikupewa kitu. Kisha akaangalia: ni familia zipi ambazo ndugu wa chupa ya kwanza walivumilia dawa vizuri? Akaenda kwenye chupa ya pili ya familia hizohizo, akawachukua ndugu ambao hawakuguswa na dawa, na hao ndio aliowazalisha. Waliojaribiwa, hata wale walionusurika, hawakupewa nafasi ya kuzaa kizazi kijacho. Akarudia hivyo kizazi baada ya kizazi.

Mwisho wake alipata nzi wenye usugu wa DDT ambao baba, mama, babu, bibi na wahenga wao wote kwenye jaribio hawakuwahi kuonja DDT. Hapo hoja ya kuzoea inakosa pa kushika. Usugu ulikuwemo katika baadhi ya familia tangu mwanzo, na kazi yote ilikuwa kuchagua familia.

Kutokana na majaribio haya kuna kipimo kimoja unachoweza kukitumia hata kwa mambo mengine. Ukiona kiumbe kinafanya jambo jipya, uliza: watoto wake, wakilelewa mahali ambapo hawajakutana na jambo hilo, watakuwa nalo? Mbu anayekuta watu wote wamelala ndani ya vyandarua anaweza kwenda kumuuma ng’ombe usiku huohuo. Hilo peke yake si uteuzi asilia, ni mbu mwenye njaa anayetafuta chakula kilichopo. Lakini mbu waliozaliwa na kukuzwa maabara wakivumilia dawa ambayo hawajawahi kuigusa, hayo si mazoea.

Je, dawa ikipumzishwa, watasahau?

Anayeamini kuzoea huamini pia kusahau. Tumewahi kuletewa ushauri kwamba chandarua kianikwe wiki mbili bila kutumiwa ili mbu wapoteze mazoea. Tafadhali msifanye hivyo. Kwa wiki mbili hizo mtu analala wazi, na hakuna mbu wa kusahau chochote.

Ni kweli kwamba usugu unaweza kupungua katika kundi dawa ikiachwa, lakini kwa njia ileile ya kuhesabu walioacha watoto. Mfano ulio wazi kuliko yote hautoki kwa mbu bali kwa vimelea vya malaria wenyewe, nchini Malawi. Mwaka 1993 Malawi iliacha kutumia klorokwini kwa sababu ilikuwa imeshindwa kwa wagonjwa wengi mno. Vimelea sugu walikuwa wametawala. Dawa ilipoondolewa, usugu ule ukageuka mzigo: badiliko linalomsaidia kimelea kuikwepa klorokwini humgharimu ukuaji wake pale ambapo klorokwini haipo. Vimelea wa kawaida, ambao hawakuwa wameisha kabisa, wakaanza kuwashinda kwa kuzaliana. Katika utafiti uliofanyika Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006, kati ya watoto 80 waliofuatiliwa baada ya kutibiwa kwa klorokwini, dawa ilishindwa kwa mtoto 1 tu.

Ilichukua miaka, si wiki. Ilihitaji nchi nzima iache dawa, si nyumba moja. Na vimelea sugu hawakusahau, walizidiwa idadi na wengine. Pia usichukue habari hii kama ruhusa ya kutafuta klorokwini dukani. Malaria inatibiwa kwa dawa mseto, na ni baada ya kupima.

Tukiwa hapo kwenye dawa za hospitali, tusahihishe na hili. Tunasikia mtu akisema mwili wake umezoea dawa ya malaria ndiyo maana haimponyi. Mwili unaweza kuzoea baadhi ya vitu, kama kahawa. Lakini vimelea wanaponusurika kwa sababu ni sugu, wao ndio waliozaliwa sugu, na mbu anaweza kuwabeba kutoka kwako hadi kwa jirani ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja cha dawa hiyo. Jirani naye ataikuta imeshindwa. Mazoea ya mwili wako yasingeweza kuhamia kwake.

Kinachobadilika ukijua hivi

Kwanza kwenye chandarua chenyewe. Usugu haumaanishi kwamba chandarua kimekufa. Kilango kilichobadilika hakimsaidii mbu kupita kwenye wavu usiotoboka, na katika vijiji vingi bado kuna mbu wa kawaida wanaokufa wakigusa dawa. Ziba matundu, chomekea chini ya godoro, kilale kila mtu.

Pili, watengenezaji wa vyandarua wamebadili mbinu kwa kufuata mantiki hii. Kilango si njia pekee ya usugu. Mbu wengine wamezaliwa na vimeng’enya vingi mwilini vinavyoivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Kwa hao, vimetengenezwa vyandarua vilivyoongezwa PBO, kitu kinachozuia vimeng’enya hivyo. Vilijaribiwa wilayani Muleba, mkoani Kagera, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha watoto wa vijiji vilivyopewa vyandarua hivyo walipata malaria kidogo kuliko wa vijiji vyenye vyandarua vya dawa ya kawaida. Baadaye, wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, vilijaribiwa vyandarua vyenye dawa mbili, pairethroidi pamoja na klofenapiri. Klofenapiri haishughuliki na kilango cha neva kabisa. Inazuia seli za mbu kutengeneza nguvu. Vilifanya vizuri, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Mbu aliyezaliwa na kilango kigumu hana kinga dhidi ya dawa inayopiga mahali pengine. Lakini na hapo uteuzi unaanza upya, maana huenda tayari kuna wachache wanaoivumilia, ndiyo maana wapimaji wanaendelea kuchota viluwiluwi kila mwaka.

Tatu, na hapa tunasema na wakulima wa mboga. Dawa nyingi za kupulizia wadudu shambani ni za ukoo uleule wa pairethroidi. Angalia kwenye lebo jina la kiini cha dawa, siyo jina kubwa la biashara. Likiishia na herufi t-h-r-i-n, ni wa ukoo huo. Watu hununua dawa tatu zenye picha tofauti wakidhani wamebadilisha, kumbe zote zinabana kilango kilekile, na wadudu walionusurika na ya kwanza wananusurika na zote. Kubadilisha dawa kuna maana pale tu unapobadilisha ukoo. Na maji ya dawa yanayotiririka kutoka shambani hadi kwenye dimbwi huwachagua viluwiluwi wa mbu pia, bila wewe kukusudia.

Kuhusu kuongeza kipimo kuliko lebo inavyosema, kama baadhi ya wafugaji wanavyofanya kwenye josho au bomba la mgongoni: unaowamaliza zaidi ni wale wa kawaida, ambao ndio waliokuwa wakishindana na sugu. Watakaobaki ni sugu wa kweli, wana ng’ombe mzima kwa ajili yao peke yao, na sumu ya ziada inabaki kwenye ngozi na maziwa. Kipimo kidogo mno nacho kina hatari yake, kwa sababu kinawaacha hai hata wale wenye usugu wa nusunusu, na hao wakipandana wanaweza kuzaa waliopata usugu kutoka pande zote mbili. Ukiona kupe wako wazima siku kadhaa baada ya kuogesha kwa kipimo sahihi, chukua hao kupe kwenye chupa uende nao kwa afisa mifugo, na umtajie jina la kiini cha dawa uliyotumia na miaka uliyoitumia. Hilo la mwisho ndilo atakalolihitaji kuliko yote, maana ndilo litakalomwambia ni kupe gani wamekuwa wakiachwa wazae.